Shajara ya mradi: pampu ya mnara wa kupozea iliyokuwa ikitafuna mawe

4 Agosti 2025: nilichokikuta

Ghala la samaki wa kugandishwa, Kampemba, hapa Lubumbashi. Mashine ya baridi inatoa joto lake kwenye kondensa ya maji. Maji ya moto yanapanda mnara nyuma ya jengo, yanamwagika juu, yanapozwa na hewa na kuangukia beseni la zege lililochimbwa chini ya mnara. Pampu inayavuta kutoka humo na kuyarudisha kwenye kondensa. Mzunguko wa kawaida kabisa, ila pampu imewekwa sakafuni kwenye chumba cha mashine, na maji yako chini yake. Nilipima kwa futi ya fundi: kutoka usawa wa maji hadi katikati ya ekseli ni mita 1.6. Kwa hiyo hakuna kinachoyasukuma maji kuifikia pampu isipokuwa uzito wa hewa ya mji huu.

Kijana anayelinda mashine alinipokea kwa maneno haya: "Papa enjenieri, hii pompi iko natafuna majiwe." Niliposogea nikakubali. Ni sauti ya changarawe ndani ya ndoo ya bati. Impela, yaani gurudumu la mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu, mbili zimeshakwisha na ya tatu iko kazini. Mama mwenye ghala anataka kujua kwa nini ananunua kitu kilekile kila msimu. "Nililipaka mara mbili," aliniambia, akaweka impela ya pili juu ya meza yake, kati ya daftari la mauzo na kalamu.

Ile impela inasema mengi. Kingo za nje, ambako maji hutoka, ni nzima. Ulaji uko karibu na mdomo wa kuingilia, upande wa mgongo wa kila panga, nyuma kidogo ya ukingo wake wa mbele. Mashimo yamejazana, madogo na yenye kina, kama punje ya mahindi iliyopitiwa na fukusi. Kutu ya kawaida hula kila mahali, na mchanga huacha mikwaruzo laini inayofuata njia ya maji. Mashimo ya namna hii, mahali hapa, ni ya kavitasiyo: shinikizo linashuka mno mdomoni mwa impela, maji yanachemka bila moto, mapovu ya mvuke yanazaliwa, kisha yanafika penye shinikizo kubwa na kupasuka juu ya chuma. Kila povu ni nyundo ndogo.

Bamba la pampu linasoma mtiririko wa 80 m³/h, kimo cha kusukuma cha mita 32, mizunguko 2,900 kwa dakika, mota ya kilowati 15.

7 Agosti: hesabu ya kwanza

Kwenye faili la jengo nilipata karatasi ya hesabu ya aliyefunga mtambo. Sitaki kumcheka, maana kosa lake nimelifanya mwenyewe ujanani. Fomula yake ni sahihi:

```
NPSHa = Ha - Hv - Hz - Hf
```

`NPSHa` ni kimo cha mfyonzo kilichopo, yaani nguvu iliyobaki ya kuingiza maji kwenye impela kabla hayajachemka. `Ha` ni shinikizo la hewa juu ya beseni, `Hv` ni shinikizo la mvuke wa maji, `Hz` ni mita ambazo pampu inayapandisha maji, na `Hf` ni hasara ya msuguano kwenye bomba la kuvuta. Vyote kwa mita za maji. Matokeo hulinganishwa na `NPSHr`, kimo ambacho pampu yenyewe inakidai, kinachosomwa kwenye mchoro wa mtengenezaji.

Kwenye nafasi ya `Ha` aliandika 10.33. Hiyo ni hewa ya Matadi au Dar es Salaam. Lubumbashi iko takriban mita 1,230 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni kama kilopaskali 87.4, ambayo kwa maji ya nyuzi 30 ni mita 8.95. Mita 1.4 zimepotea kabla hujafunga hata boliti moja. Kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu, walio karibu mita 1,500, zinapotea kama 1.7.

Nikarudia hesabu kwa bomba lililopo, la milimita 100. Kwa 80 m³/h maji yanakimbia humo mita 2.7 kwa sekunde, mbio kubwa mno kwa upande wa kuvuta. Bomba lenyewe la mita 9 linakula mita 0.65. Klapeti ya chini ya beseni pamoja na kikapu chake inakula 1.1. Viwiko vinne vifupi vinakula 0.74, vali 0.05, na chujio lililo mbele ya pampu, likiwa safi, 0.4. Jumla ni mita 2.9. Shinikizo la mvuke kwa nyuzi 30 ni 0.43 tu. Basi 8.95 toa 0.43, toa 1.6, toa 2.9, inabaki mita 4.0.

Mchoro wa pampu unadai 3.8 kwa 80 m³/h. Ziada ni sentimita 20. Na hiyo 3.8 si mstari wa usalama: ni kipimo cha pale ambapo kimo cha pampu kimeshashuka asilimia 3 kwa sababu ya mapovu. Ukisimama juu ya mstari huo, kavitasiyo imeshaanza kitambo. Tena chujio halikai safi. Msimu huu vumbi jekundu linaingia mnarani kutwa, na kuna mjakaranda ukutani ambao kila mwaka hugeuza beseni kuwa la zambarau.

Nikaona nimeshapata jibu: bomba jembamba, na hewa iliyokadiriwa kupita kiasi. Nikamwandikia mama bei ya bomba jipya la milimita 150, pampu ileile ibaki. Jibu lilikuwa nusu tu, nami nilikuwa sijalijua hilo.

20 Agosti: bomba jipya, na kosa langu la kwanza

Kazi ya siku tatu. Bomba la milimita 150, viwiko viwili virefu badala ya vinne vifupi, klapeti mpya ya ukubwa huohuo. Chujio la mbele ya pampu tumeliondoa kabisa, na badala yake tumefunga wavu mpana ndani ya beseni, unaovutwa juu kwa mkono bila kuzima chochote. Hasara yote ya upande wa kuvuta imeshuka kutoka mita 2.9 hadi 0.4. Kimo kilichopo sasa ni mita 6.5 dhidi ya 3.8 zinazodaiwa. Mtu angelala usingizi.

Tukawasha. Changarawe haikusikika, ila kilikuja kitu kingine: baada ya kila dakika nne au tano pampu inapata kwikwi. Mshale wa manometa ya kusukuma unaanguka, sauti inakuwa nzito na laini, kisha mshale unarudi. Mara ya sita ulianguka na haukurudi, pampu ikabaki inazunguka bila maji. Tukazima, tukaijaza upya, tukawasha, mambo yakawa yaleyale.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya hewa na kavitasiyo. Kavitasiyo ni kavu na kali, na haikomi. Hewa huja kwa vipindi, na sauti yake hufifia badala ya kukwaruza. Nilichukua ufunguo nikagonga bomba taratibu kuelekea pampu. Kwenye kipunguzio, kile kipande cha kutoka milimita 150 kwenda mdomo wa 100, chini kuligonga zito, juu kukalia kama ngoma.

Nilikuwa nimenunua kipunguzio cha kawaida, kilichobanwa sawasawa pande zote. Kwa bomba linalolala, umbo hilo linaacha kibanda juu, sehemu pana kabla ya kubana. Hewa iliyoyeyuka kwenye maji, ambayo hujitenga kwa sababu shinikizo la humo liko chini ya hewa ya nje, inajikusanya hapo mpaka inakuwa bonge, kisha bonge zima linamezwa na impela. Kipande kinachotakiwa ni kile chenye mgongo bapa, ubapa ukiwa juu, ili hewa isipate pa kukaa. Nalijua hili kama jina langu. Dukani kilikuwepo cha kawaida peke yake, mafundi walikuwa wanasubiri, nikajisemea haitadhuru.

Hasara ya uvivu huo: dola 35 za kipande, dola 20 za gasketi, na siku moja na nusu ambayo ghala liliendeshwa kwa kubahatisha, milango imefungwa na wateja wananung'unika nje.

23 Agosti: hewa imeondoka, changarawe imerudi

Fundi wa kuchomea alitengeneza kipunguzio cha mgongo bapa kwa dola 60. Pia tumeliinua bomba kidogo kuelekea pampu, sentimita 9 kwa urefu wote, lisiwe na mahali linapobenuka. Kwikwi imekwisha.

Changarawe, ambayo hewa ilikuwa imeifunika, ikarudi, safari hii kali kuliko ya mwanzo. Kijana aliniangalia bila kusema neno, na kimya chake kilinichoma kuliko ambavyo angesema.

Nilisimama pale muda mrefu. Kwa karatasi nina ziada ya mita 2.7. Kwa masikio sina kitu. Mmoja kati ya hao wawili anadanganya, na masikio hayana sababu ya kudanganya.

Kijana akapendekeza tufunge kidogo vali ya kuvuta "ili ipunguze kelele". Nikamshika mkono. Hiyo vali ikifungwa, hasara inaongezeka palepale ambapo tunakosa shinikizo. Kelele inaweza hata kupungua kwa sababu mvuke umejaa kiasi cha kuwa mto laini wa mapovu, huku impela na sili zikiumia zaidi. Vali ya kuvuta hukaa wazi yote, siku zote.

25 Agosti: kupima badala ya kuamini bamba

Hesabu yangu yote ilisimama juu ya namba moja ambayo sikuwahi kuihakiki: 80 m³/h. Niliisoma kwenye bamba la pampu. Lakini bamba linaeleza mahali ambapo pampu ilikusudiwa kufanya kazi. Mahali inapofanya kazi kweli huamuliwa na mabomba, mnara na kondensa.

Mtambo hauna kipima mtiririko. Nilinunua manometa mbili kwa dola 48, moja ya kawaida kwa upande wa kusukuma na moja inayosoma pia chini ya sifuri kwa upande wa kuvuta, nikazifunga kwa kimo kimoja. Zilisoma bari 2.35 na bari -0.25. Tofauti ni bari 2.6, karibu mita 26.6. Nikiongeza mita 0.6 za tofauti ya mwendo wa maji kati ya bomba pana na jembamba, pampu inatoa mita 27. Nikarudi kwenye mchoro wake: kwa mita 27, mtiririko ni kama 112 m³/h. Pengine ni chini kidogo, kwa sababu kavitasiyo yenyewe inakula sehemu ya kimo.

Sikutaka kuamini chombo kimoja, kwa hiyo nikaangalia na joto la maji. Kondensa inatoa takriban kilowati 465. Kwa 80 m³/h maji yangepata nyuzi 5 yakipita humo. Vipimajoto vilionyesha 3.7, na hiyo ni karibu 108 m³/h. Njia mbili zisizojuana zimenipeleka kwenye mlango mmoja.

Kumbe pampu inakimbia mbali kulia kwenye mchoro wake, yaani inatoa maji mengi kuliko ilivyokusudiwa. Huko mambo mawili yanaharibika kwa pamoja: pampu inadai kimo zaidi, na kimo ambacho bomba linaiachia kinapungua. Kwa 112 m³/h mchoro unadai `NPSHr` ya 6.5. Hasara ya bomba langu jipya, kwa kuwa inapanda kwa mraba wa mtiririko, si 0.4 tena bali 0.8, na kimo kilichopo ni 6.1. Nimepungukiwa.

Na kwa nini kelele imezidi baada ya bomba kuboreshwa? Kwa sababu bomba jembamba la zamani lilikuwa linaikaba pampu. Nilipoliondoa, pampu ikapata uhuru wa kukimbia zaidi kulia. Kwa bomba la zamani, mchoro wa pampu na ule wa mabomba inakutana kwenye 104 m³/h, ambako ilidaiwa zaidi ya mita 5 na kulikuwa na chini ya mita 2. Huko pampu haikuweza kuufikia mtiririko huo, mvuke ulikuwa unaiziba. Impela mbili zimekufa hapo.

Chanzo cha yote ni zile mita 32. Nilihesabu kimo ambacho mtambo unakihitaji kwa 80 m³/h. Kutoka maji ya beseni hadi bomba la juu ya mnara ni 5.8, vinyunyizio vinataka 2, kondensa 5, mabomba ya kusukuma 3.5, na ya kuvuta 0.4. Jumla haifiki 17. Mtu alichukua 17, akaongeza "ya usalama", mwingine akaongeza yake, muuzaji akaleta saizi iliyo juu yake, ikawa 32. Kila mmoja alidhani anamlinda mteja. Kwa pampu ya aina hii, kimo kilichozidishwa kwenye karatasi hugeuka kuwa mtiririko uliozidi kwenye bomba.

Uthibitisho ulichukua dakika moja. Nilimwambia kijana afunge vali ya kusukuma polepole huku mimi nikiangalia mishale. Kelele ilianza kupungua, ikawa mchakacho, kisha ikakatika kama redio iliyozimwa. Kusukuma kulisoma bari 2.9, kuvuta -0.2, tofauti ya joto ikapanda hadi nyuzi 5. Hiyo ndiyo 80 m³/h yetu, na ndiyo mara ya kwanza kwa pampu ile kufanya kazi iliyoandikwa kwenye bamba lake. Kijana alipiga mbinja.

28 Agosti: kuchagua pampu

Tungeweza kubaki hivyo, vali imebanwa, pampu imetulia. Lakini karibu nusu ya kimo chake inaungulia kwenye vali, na mama analipa umeme huo, au mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Kukata impela nilikufikiria: kutoka mita 32 hadi 17 au 18 ingebidi kupunguza karibu robo ya kipenyo. Hiyo imepita kiasi, pampu inapoteza ufanisi vibaya, na kukata hakushushi `NPSHr` kwa maana hukugusa mdomo wa kuingilia. Kifaa cha kupunguza kasi ya mota ya kilowati 15 kiliulizwa bei. Kinakaribia pampu mpya.

Nilipata pampu mbili za kulinganisha, zote 80 m³/h kwa mita 18. Ya kwanza ni ya mizunguko 2,900, ndogo, nafuu, inadai `NPSHr` ya 4.2. Ya pili ni ya mizunguko 1,450, kubwa na nzito, ghali zaidi kwa dola 600, inadai 2.2.

Sikuzipima kwa siku nzuri. Nilizipima kwa siku mbaya: maji yameshuka sentimita 30 kwa sababu vali ya kuelea imekwama, feni ya mnara imesimama na maji yamefika nyuzi 35, wavu umejaa maua hadi unakula mita 0.8. Hapo kuna 8.95 toa 0.58, toa 1.9, toa 0.4, toa 0.8, inabaki karibu mita 5.3. Ona jinsi joto lilivyochangia kidogo: kutoka nyuzi 30 hadi 35 ni sentimita 15 tu. Kwenye pampu ya boila joto lingekuwa ndiyo hadithi nzima, ila kwenye mnara wa kupozea wezi ni hewa ya mlimani, kimo cha kuvuta, na uchafu.

Kwa siku hiyo mbaya pampu ya kwanza ina ziada ya mita 1.1. Wengine wangeitia saini, na wasingekuwa wajinga. Mimi nimeshaungua: ikikimbia kulia hadi 95 m³/h, inadai 5.4 na ziada imekwisha. Ya pili, hata kwa 100 m³/h, inadai 3.0. Nikachagua nzito.

Muuzaji alitaka kuongeza asilimia 20 kwenye kimo "kwa usalama, papa". Nilimwambia usalama wa namna hiyo uko juu ya meza ya mama mwenye ghala, kati ya daftari na kalamu. Hesabu yangu ni 16.7. Nimeagiza 18, basi.

6 Oktoba: imefika, imefungwa

Wiki tano, sehemu kubwa ikiwa ni kusubiri mpakani Kasumbalesa. Msingi wa zege umepanuliwa, kipunguzio cha mgongo bapa kimechomewa upya kulingana na mdomo mpya. Mota ni ya kilowati 5.5 mahali palipokuwa na 15, na fundi umeme aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Kwa vali zote wazi: manometa ya kuvuta inasoma bari -0.20, na tofauti ya joto kwenye kondensa ni nyuzi 4.8. Ni karibu 83 m³/h. Kutoka kwenye manometa, kimo kilichopo ni 8.95, toa 2.05 za mshale, ongeza 0.08 za mwendo wa maji, toa 0.43 za mvuke: mita 6.55. Kwa karatasi nilikuwa na 6.5. Sikutegemea zikaribiane hivyo, na sitaahidi zitakaribiana kwa mwingine, kwa sababu mshale wa manometa ya bei hii unaweza kukosea nusu ya mstari.

Ukiweka kiganja juu ya nyumba ya pampu unasikia mtetemo wa mota tu. Umeme unaoingia umeshuka kutoka takriban kilowati 13.5 za pampu ya zamani ikiwa wazi hadi 5.4.

Gharama kwa jumla, kwa watakaoiga: bomba, viwiko na flanji dola 620, klapeti 180, wavu 70, mafundi wa kuchomea kwa awamu zote 310, manometa 48, kipunguzio cha makosa na gasketi zake 55, kipunguzio sahihi, mara mbili, 120, pampu na mota 2,350, usafiri na forodha 410, msingi 90. Inafika dola 4,253. Kama ningenunua manometa za dola 48 kwanza, ningeagiza pampu mwezi wa nane mwanzoni na kuokoa wiki tatu.

2 Novemba: baada ya mvua za kwanza

Mjakaranda umemaliza kazi yake. Wavu ulivutwa mara tatu kwa wiki katika Oktoba, na tumechora mstari mwekundu kwenye manometa ya kuvuta penye -0.28. Mshale ukiugusa, kijana anavuta wavu bila kuniuliza. Siku moja ulifika -0.30. Alitoa kilo kadhaa za maua yaliyolowa, na pampu haikuwa imebadilisha sauti.

Tulifungua pampu kwa makusudi kutazama impela baada ya wiki nne. Rangi ya kiwandani bado ipo kwenye migongo ya mapanga.

Pampu ya zamani, ikiwa na impela yake ya tatu iliyotobolewa nusu, mama ameiuza kwa mkulima wa njia ya Kipushi anayetaka kumwagilia mboga. Nilimwuliza anapandisha maji mita ngapi, akasema kama kumi na mbili. Nimemwandikia kwa rangi nyeupe ubavuni mwa mota: USIFUNGUE VALI YA KUSUKUMA YOTE. Amecheka, akadhani ni mzaha wa mafundi, akaifunga kwa kamba juu ya pikipiki ya magurudumu matatu na kuondoka nayo.